Slipu ya Chai Kabla ya Koito

Kijana wa Sigowet akimwambia mchumba wake kwamba ana chai, hasemi uongo. Anachoacha kusema ni kilichobaki baada ya makato.

Mama mmoja wa huko Kericho, karani wa mikopo mstaafu ambaye sasa huwashauri wachumba kanisani, huanzia hapo. Kabla familia hazijakutana kwa koito, huwataka wawili hao walete slipu ya chai na taarifa ya Sacco. "Wanangu, msinitajie kilo," huwaambia. "Slipu isomeni kutoka chini kwenda juu."

Mfano anaopenda kuwapigia ni wa kilo 600 kwa mwezi. Malipo ya awali yakiwa Sh25 kwa kilo, jumla ni Sh15,000. Mkopo wa Sacco unakata Sh6,000, mbolea Sh1,500, zinabaki Sh7,500. Hapo wachumba hupumua, wakidhani hesabu imekwisha. Mama huwauliza: nani anachuma? Kama ni vibarua kwa Sh10 kwa kilo, Sh6,000 nyingine zinaondoka, na hizo slipu haizionyeshi. Nyumba inabaki na Sh1,500.

Kuna deni jingine ambalo halipo kwenye slipu wala halikatwi kwenye malipo: udhamini. Aliyemdhamini rafiki amefunga sehemu ya akiba yake mpaka mkopo ule uishe, na rafiki akishindwa, Sacco hugeukia akiba hiyo. "Mtu huniapia hana deni," asema mama huyo. "Namuuliza umewadhamini wangapi, anaanza kuhesabu vidole."

Tabia za matumizi nazo hufuata zao linalolimwa nyumbani. Aliyelelewa milimani kwenye chai amezoea pesa ya kila mwezi na bonasi mara moja kwa mwaka. Aliyetoka Soin ya chini, kwenye miwa, amezoea kungoja mwaka au zaidi, kukopa dukani, kisha kulipa yote kwa mkupuo. Mmoja humwona mwenzake mbahili, mwingine humwona mbadhirifu. Mama huwashauri chakula na karo vitoke kwenye pesa ya mwezi, nyumba na ng'ombe vingoje bonasi au miwa, na asiwepo wa kukopea bonasi bila mwenzake kujua, kwa kuwa kiwango chake hubadilika kila mwaka.

Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inawaruhusu wachumba kuandikiana makubaliano kuhusu mali. Inasema pia kwamba deni la mali lililochukuliwa kabla ya ndoa hubaki la aliyelichukua. Lakini mali hiyo ikiwa ya ndoa, deni hugawanywa sawa, isipokuwa wawili hao wakubaliane vingine.

Swali linalomshinda hata mama huyu ni la namba ya mkulima. Vijana wengi huchuma chai iliyosajiliwa kwa jina la baba, na pesa huingia kwenye akaunti ya baba. Je, mchumba ayaandike mapato hayo kama ya mumewe mtarajiwa? Na kama siyo yake, ni nani atakayethubutu kumuuliza mzee kabla ya ng'ombe kutolewa?