Tovuti ya Duka Imefungwa, Kampuni Haijibu: Andika Hivi

Mteja akifungua tovuti yako na kukuta maneno “Account Suspended”, kwa kawaida seva haijaharibika. Kampuni inayoihifadhi imeifunga kwa makusudi. Mara nyingi sababu ni deni, virusi au matumizi makubwa ya seva. Usifungue tiketi mpya kila siku. Jibu ndani ya ileile ya kwanza, ili historia yote ibaki mahali pamoja.

Kichwa cha barua kitaje jina la tovuti, namba ya tiketi na tarehe ilipofungwa. Kisha onyesha hasara kwa hesabu. Tuseme duka la vitenge hupata oda 6 kwa siku, kila moja shilingi 45,000. Andika: “Tunapoteza takriban shilingi 270,000 za mauzo kila siku. Risiti ya malipo tumeiambatisha. Tunaomba mtueleze sababu na mtufungulie kabla ya kesho saa 6 mchana. Ikishindikana, tupeni nakala kamili ya faili na hifadhidata.”

Tumia barua pepe nyingine, maana ile ya tovuti huenda nayo imefungwa. Ukipata nakala hiyo, na jina la tovuti likiwa limesajiliwa kwako, unaweza kuhamia kampuni nyingine. Hakikisha leo kwamba usajili huo ni wako.