Zahanati Imetumia Fedha Vizuri? Fuata Kidonge Kimoja

Tangu mwaka wa fedha 2017/18, zahanati za Serikali nchini Tanzania hupokea sehemu ya fedha zake moja kwa moja katika akaunti zao za benki, badala ya kusubiri halmashauri iwanunulie kila kitu. Mganga mfawidhi na kamati ya zahanati ndio wanaopanga na kuidhinisha matumizi. Risiti zikikamilika na salio la benki likilingana na vitabu, mkaguzi wa hesabu hana ugomvi nao. Lakini stakabadhi safi haimwambii mwanakijiji kama fedha ile ilimnufaisha.

Hapo ndipo unapoingia ukaguzi wa aina nyingine, ambao Sheria ya Ukaguzi wa Umma ya mwaka 2008 inampa Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali mamlaka ya kuufanya. Hupima mambo matatu. Uwekevu huuliza kama kitu kilinunuliwa kwa bei inayostahili bila kupunguza ubora. Tija huuliza ni huduma kiasi gani iliyotoka katika kile kilichonunuliwa. Ufanisi huuliza kama huduma hiyo ilileta matokeo yaliyokusudiwa, yaani mgonjwa kupona. Vipimo hivi vikisomwa kimoja kimoja vinaweza kudanganya. Njia nzuri ya kuliona hilo ni kuchukua dawa moja na kuifuata kutoka kwenye boksi hadi kwa mtoto.

Tuchukue amoksilini ya watoto, vidonge vya miligramu 250 vinavyoyeyushwa kwenye maji, ambavyo Shirika la Afya Duniani linavipendekeza kutibu nimonia kwa walio chini ya miaka mitano. Zahanati na bei nitakazozitaja ni za mfano tu, ila hesabu yenyewe ndiyo ambayo mkaguzi huifanya.

Zahanati inaagiza dawa Bohari ya Dawa, MSD. Bohari ikikosa dawa, zahanati inaruhusiwa kununua kwa mshitiri, muuzaji binafsi aliyeingia mkataba na mkoa. Tuseme MSD kidonge ni shilingi 60 na kwa mshitiri ni shilingi 90. Mkaguzi akikuta ununuzi wa shilingi 90, hamtuhumu mtu papo hapo. Anatafuta kwanza uthibitisho wa MSD kwamba dawa ilikosekana, kisha anatazama tarehe ya oda. Mara nyingine bohari ilikuwa nayo, ila oda ilipelekwa baada ya rafu kubaki tupu, na mshitiri akawa kimbilio la dharura. Tofauti ile ya shilingi 30 imetokana na uzembe wa kuhesabu akiba, wala si ughali wa soko.

Bei ya chini nayo haiaminiki hivi hivi. Zahanati iliyonunua vidonge 10,000 kwa shilingi 55 imelipa 550,000, na kwenye karatasi imeokoa fedha. Vidonge 4,000 vikiisha muda vikiwa stoo, 6,000 vilivyotumika vimeigharimu takriban shilingi 92 kila kimoja. Haya yote yanaonekana katika leja ya dawa: salio la mwanzo, jumlisha vilivyopokelewa, toa vilivyotolewa na vilivyoharibika, kisha nenda kwenye rafu ukahesabu kwa mkono. Isipolingana, kuna kidonge kilichopita mlango ambao haukuandikwa.

Sasa tuje kwenye tija, ambako ndiko wengi wetu hupotezwa. Zahanati mbili jirani zimetumia vidonge 6,000 kila moja kwa mwaka. Ya kwanza imeandika mahudhurio 500 ya watoto wenye nimonia, wastani wa vidonge 12 kwa hudhurio. Ya pili imeandika 320, wastani wa karibu vidonge 19. Ukiwa na karatasi hiyo peke yake utaipongeza ya kwanza, maana kwa dawa ileile imehudumia wengi zaidi. Nimesikia pongezi za namna hiyo vikaoni, na zilipokewa kwa makofi.

Mkaguzi makini anafungua rejesta. Mwongozo unamtaka mtoto wa miezi 2 hadi 12 apewe kidonge kimoja mara mbili kwa siku kwa siku tano, jumla 10. Wa mwaka mmoja hadi mitatu hupewa viwili mara mbili kwa siku, jumla 20. Anachagua watoto 30 bila kupendelea na kutazama umri wao. Tuseme 24 wamevuka mwaka bila kufikisha mitatu na 6 hawajavuka mwaka: walistahili vidonge 540 kwa jumla, yaani 18 kila mmoja. Walipewa 360. Theluthi moja ya dawa haikuwafikia.

Kisha anatazama safu ya marudio. Katika yale mahudhurio 500, watoto halisi walikuwa 300 tu. Mahudhurio 200 ni ya watoto waliorudi kwa sababu dozi haikutosha. Kwenye zahanati ya pili marudio ni 20, na watoto halisi nao ni 300. Kumbe zote mbili zimetumia vidonge 20 kwa mtoto mmoja. Tofauti ni kwamba ya kwanza imemchosha muuguzi kwa mahudhurio 180 ya ziada na kumtembeza mama njiani mara ya pili, huku nimonia ikipata nafasi ya kuzidi. Mtoto aliyetibiwa nusu alihesabiwa mara mbili, na hesabu hiyo ndiyo iliyoitwa tija.

Kuna gharama nyingine ambayo leja haiijui kabisa. Sera inamtibu bure mtoto aliye chini ya miaka mitano. Mkaguzi akisimama nje ya lango na kumuuliza mama anayetoka, "Dawa zote umezipata hapa?", huenda akajibiwa kwamba nusu amekwenda kuinunua duka la dawa muhimu. Hapo zahanati inaonekana wekevu kwa sababu gharama imehamia mfukoni mwa mama. Swali hilo la langoni, kwa maoni yangu, lina thamani kuliko kurasa nyingi za taarifa ya fedha.

Matokeo yenyewe hayapimiki kirahisi hivyo. Oksitosini, sindano anayochomwa mama baada ya kujifungua ili asitokwe na damu nyingi, hutakiwa kutunzwa kati ya nyuzijoto 2 na 8. Inaweza kununuliwa kwa bei nzuri na kuchomwa kwa kila mzazi, lakini kama jokofu lilizima wiki nzima, nguvu ya dawa inaweza kuwa imepungua bila rangi yake kubadilika. Ushahidi upo katika chati ya joto iliyobandikwa mlangoni mwa jokofu. Chati iliyojazwa mwezi mzima kwa kalamu moja, mwandiko mmoja na namba ileile ya nyuzi 5, yafaa iulizwe maswali.

Mkaguzi pia ana mipaka. Hamwelekezi mganga amtibu nani vipi. Watoto 30 wanaonyesha dalili ya tatizo, hawatoshi kumhukumu mtu. Na zahanati ya kisiwani, ambayo dawa zake hufika kwa boti, haiwezi kulinganishwa kwa shilingi na iliyo kando ya lami.

Kamati ya zahanati ina wawakilishi wa wananchi, na taarifa za mapato na matumizi hupita mikononi mwao. Mwakilishi wako akienda kikaoni, mwombe asiridhike na jumla ya wagonjwa waliohudumiwa. Adai na idadi ya marudio, leja ya dawa moja atakayoichagua mwenyewe, na chati ya jokofu.