Lugha ya Ofisini (3): Kumvua Bosi Kilemba cha Ukoka Bila Kumvunjia Heshima

Juma lililopita tuliishia kwenye salamu za barua pepe za ofisini. Leo nashughulikia ugonjwa unaoanzia papo hapo kwenye salamu na kusambaa hadi sahihi ya mwisho, yaani sifa. Sisemi sifa zote. Nasema zile ambazo bosi akizisoma hujiuliza, "Huyu leo anataka nini?" Vijana wana neno lao kwa jambo hili, uchawa, na wakimwita mtu chawa hawahitaji kueleza zaidi.

Nitatumia barua moja tu. Nimeitunga mwenyewe kwa kufuata aina ya barua ambazo watu huniletea niwasomee kabla hawajazituma. Mwandishi wake tumchukulie kuwa binti anayekusanya takwimu za pweza katika kisiwa cha Jibondo, wilayani Mafia, na anamwandikia meneja wa mradi aliyeko Kilindoni. Nimechagua Jibondo kwa sababu kazi hiyo haina mahali pa kuficha maneno matupu. Kisiwa hicho cha matumbawe kimo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, iliyotangazwa mwaka 1995, na pweza ni riziki ya nyumba nyingi. Maji ya bamvua yanapokupwa, wakati wa mwezi mpevu na mwezi mwandamo, kinamama hushuka mwambani kwa miguu huku wanaume wakipiga mbizi. Pweza wakipanda pwani hupimwa. Kwa sheria ya uvuvi ya Tanzania, pweza aliye chini ya gramu 500 haruhusiwi kuvuliwa, kwa hiyo mzani pale si pambo.

Sasa mzani umeharibika, na binti wetu ameandika hivi:

"Mada: SALAMU ZA HESHIMA

Kwako Mheshimiwa Bosi wangu mpendwa na kiongozi wetu shupavu. Shikamoo Mheshimiwa. Awali ya yote napenda kuchukua fursa hii adhimu kukupongeza kwa uongozi wako uliotukuka, maono yako ya mbali na moyo wa kipekee ambao haujawahi kutokea katika mradi huu. Hakika bila wewe sisi watu wa Jibondo tusingekuwa chochote. Mheshimiwa, najua una majukumu mazito na mimi ni mtu mdogo nisiyestahili kukusumbua, lakini kwa unyenyekevu mkubwa naomba kukufahamisha kuwa mzani unasumbua kidogo. Kwa hekima zako naamini utajua la kufanya. Wako mtiifu daima."

Hasara ya kwanza haihusu hata adabu. Meneja akiifungua barua hii kwenye simu, ataona mada na mistari miwili au mitatu ya mwanzo. Ataona salamu, ataona pongezi, ataiacha hadi jioni. Jioni akiisoma yote atakuta kwamba mzani "unasumbua kidogo", na jambo linalosumbua kidogo husubiri. Neno "kidogo" limewekwa kwa woga: aliyekwisha kumpaka mtu mafuta kiasi hicho huona haya kumletea tatizo zito mara baada ya hapo. Ndiyo sababu huwaambia watu kwamba sifa za kupita kiasi humpunguzia mwandishi uwezo wa kusema ukweli katika sentensi inayofuata.

Tuziangalie sifa zenyewe. "Uongozi uliotukuka" na "maono ya mbali" ni maneno ya jukwaani. Mshereheshaji huyasema mbele ya umati, na anayesifiwa hujua kwamba ni sehemu ya shughuli, kama vile vipaza sauti na turubai. Barua pepe haina umati. Wapo watu wawili tu, na mmoja wao anajua vizuri alichofanya na asichofanya mwezi uliopita. Kipimo changu hapa ni chepesi: toa cheo cha meneja huyu, weka cha mkuu wa shule, kisha cha meneja wa benki. Sentensi ikikaa sawasawa kwa wote watatu, basi haimhusu hata mmoja wao. Ifute.

"Haujawahi kutokea katika mradi huu" ni mbaya zaidi, kwa kuwa kuna meneja aliyemtangulia, na pengine ndiye aliyemwajiri binti. Bosi mwenye akili hapo hujiuliza yeye naye atasemwaje siku akiondoka.

Halafu inakuja ile ya "sisi watu wa Jibondo tusingekuwa chochote". Hii ningeifuta hata kama bosi mwenyewe angeipenda. Wajibondo walikuwa wakivua na kuunda vyombo vya baharini zamani kabla ya miradi, na ni watu waliowahi kuvutana waziwazi na hifadhi kuhusu nani aamue juu ya bahari yao. Barua pepe husafiri. Meneja anaweza kuisukuma kwa mwenyekiti wa kijiji ili lile la mzani lishughulikiwe, asikumbuke kwamba na hiyo sentensi inakwenda. Kabla hujatuma, jiulize kama ungethubutu kuweka nakala kwa watu unaowasemea. Binti huyu angesoma barua yake mbele ya kamati ya kijiji? Nadhani angeomba aende nyumbani kwanza.

Kujidhalilisha nako, "mimi ni mtu mdogo nisiyestahili", ni sifa ileile iliyogeuzwa. Ukijishusha unampandisha mwenzako bila kumtaja. Tena kunapotosha kazi. Kutoa taarifa ya mzani mbovu ni wajibu wake, na angenyamaza ndipo angestahili kuulizwa. Akiifanya taarifa hiyo kuwa usumbufu anaomba radhi kwa kutimiza wajibu.

Wengine wakishaambiwa haya hukata kila kitu na kuandika, "Mzani umeharibika. Leta mwingine." Hapo wameruka mkojo wakakanyaga mavi. Kwa Kiswahili, kuingia kwenye shida bila salamu ni sawa na kugombeza, na amri tupu kwa mkubwa haisemeki. Kwa hiyo heshima ibaki, ila ibebwe na vitu vyenye kazi yake.

Cheo kitajwe mara moja, nacho kiwe chake. "Mheshimiwa" waachiwe wenye nacho, kama diwani, mbunge na mkuu wa wilaya; meneja wa mradi ni Meneja, au Bwana au Bi kwa jina lake. Shikamoo ibaki ikiwa ndivyo unavyomwamkia mkikutana. Ikiwa bosi ni mdogo wako kwa miaka kumi, shikamoo ya kwenye barua itamkera, au atadhani unamcheza shere. Kisha kuna sarufi yenyewe, ambayo watu huisahau. "Naomba utupatie" imekwisha kuwa na adabu kamili. "Kwa unyenyekevu mkubwa naomba" haiongezi heshima, inaongeza urefu. Ukiona kumtaja mtendaji kunamwelemea mkubwa, sema "naomba tupatiwe". Kauli hiyo huacha nafasi ya kuagiza mtu mwingine bila kuonekana amekwepa.

Vipi shukrani? Hapa ndipo kwenye kazi hasa, maana mara nyingi nyuma ya sifa za uongo kuna jambo la kweli ambalo mwandishi hakuwahi kulisema. Mwandishi wa aina hii huwa namuuliza: huyu bosi alifanya nini, lini, na baada yake kikabadilika nini? Tuseme binti wetu, akibanwa hivyo, anakumbuka kwamba mwezi uliopita meneja alikubali pweza wa kinamama wa mwambani waandikwe kando na wa wapiga mbizi, na sasa kamati ya kijiji inaiona tofauti yenyewe. Basi hiyo ndiyo shukrani. Bosi ataiamini kwa sababu inamhusu yeye peke yake, na ndani yake kuna habari anayoihitaji: uamuzi wake umefanya kazi.

Barua mpya inakuwa hivi:

"Mada: Ombi la mzani wa pweza, Jibondo, kabla ya bamvua ijayo

Meneja, shikamoo. Habari za kazi.

Mzani wetu umeingia maji ya chumvi na tangu juzi hausomi sawa na wa mnunuzi. Pweza mmoja kwetu alisoma gramu 420, kwa mnunuzi gramu 560. Kwa kuwa kiwango cha chini ni gramu 500, siwezi kuziamini takwimu za siku hizi mbili. Nimezitia alama daftarini, sijazifuta.

Naomba tupatiwe mzani mwingine kabla ya mwezi mpevu. Kwa sasa natumia wa mnunuzi kwa ridhaa yake. Ukiona haifai, naomba unielekeze.

Ule uamuzi wako wa kuandika pweza wa kinamama kando na wa wapiga mbizi umetusaidia. Kamati ya kijiji sasa inajadili kwa kutazama daftari. Nashukuru.

Nawasilisha."

Chini yake jina na kazi yake, basi. Angalia kwamba shukrani imeshuka chini ya ombi. Ikitangulia, hata iwe ya kweli, huonekana kama malipo ya awali. Mimi binafsi ningependa zaidi aitume peke yake, siku ambayo haombi kitu, lakini ajuaye hali ya mtandao visiwani hatamlaumu kwa kuviunganisha. Angalia pia ile "ukiona haifai, naomba unielekeze". Inaitambua mamlaka ya meneja kwa kumwachia uamuzi wa kweli, jambo ambalo "kwa hekima zako" halifanyi, kwa sababu halisemi kuna nini cha kuamua.

Tatizo moja linabaki, na sitalifanya dogo. Kuna mabosi waliozoea ubani. Ukiwa umemfukizia miaka miwili kisha ghafla ukamwandikia barua kavu hata ikiwa njema, hataona umekua kiuandishi. Ataona umenuna, au umepata kazi kwingine. Kwa mtu kama huyo usikate kwa siku moja. Badilisha kwanza, punguza baadaye: kila barua toa sentensi moja ya sifa ya jumla, mahali pake weka jambo moja alilolifanya kweli. Mstari wa kheri na afya njema uache, haumdanganyi mtu. Baada ya barua kadhaa atakuwa amezoea kusifiwa kwa matendo, na akiwa na matendo machache, barua zako zitakuwa fupi bila ya wewe kukusudia.

Kama bosi hana hata jambo moja, usitafute. Salamu, ombi na "nawasilisha" zinatosha, wala hakuna kanuni ya ofisi inayodai pongezi katika barua ya mzani.

Juma lijalo nitachukua barua ngumu kuliko hii: ile ya kumwambia bosi kwamba takwimu alizokwisha kuzipeleka juu si sahihi.