Umechelewa kujibu barua ya Kifaransa? Omba radhi kwa sentensi moja

Wakala wa mizigo aliyeko Dar es Salaam na mteja wake wa Lubumbashi wakipigiana simu huzungumza Kiswahili. Mambo yakihamia kwenye barua pepe, lugha mara nyingi hugeuka kuwa Kifaransa, kwani ndiyo lugha rasmi ya ofisi za Kongo. Hapo ndipo wakala aliyekaa kimya wiki sita anapopata taabu. Kwenye simu angeanza na salamu, akaulizia watoto, akaeleza yaliyomsibu, na mwenzake akampa pole. Akiyaandika yote hayo kwa Kifaransa cha kazini, mteja atasoma aya nzima kabla hajaiona bei aliyoiulizia.

Barua ya kazi ya Kifaransa huitengea radhi sentensi moja mwanzoni, kisha huingia kwenye shughuli. Sentensi inayofaa karibu kila mahali ni hii:

*Je vous prie de m'excuser de ne vous répondre qu'aujourd'hui.*

Yaani, naomba uniwie radhi kwa kuwa ninakujibu leo tu. Ubora wake uko katika mambo mawili. Kwanza, anayesamehe ni msomaji. Mwandishi anaomba tu. Watu wengi hukimbilia *je m'excuse*, na kwenye mazungumzo husikika kila siku. Lakini wasomaji wa Kifaransa walio makini hukiona kifungu hicho kama mtu anayejisamehe mwenyewe bila kungoja ruhusa. Kwa mtu usiyemzoea, andika *je vous prie de m'excuser*, au kwa ufupi zaidi *veuillez m'excuser*.

Pili, ucheleweshaji umeshatajwa ndani ya *ne… qu'aujourd'hui*, yaani “leo tu”, kwa hiyo huhitaji kuongeza maneno ya kujilaumu. Angalia tu usiidondoshe ile *qu'*. Ikianguka, *ne* hubaki peke yake na sentensi huanza kusomeka kama unaomba radhi kwa kutojibu, ilhali jibu liko pale pale. Ukiona muundo huo unakupa taabu, tumia *Veuillez m'excuser pour cette réponse tardive*, nayo ni sahihi na haina mtego.

Kosa jingine la mara kwa mara ni kuandika *excusez-moi pour répondre tard*. Baada ya *excuser*, *pour* hufuatwa na jina: *pour ce retard*, *pour ma réponse tardive*. Ukitaka kitenzi, tumia *de*: *de vous répondre si tard*, au *d'avoir tardé à vous répondre*. Tena usichanganye *retard* na *délai*. La kwanza ni kuchelewa kwenyewe. La pili kwa asili ni muda uliowekwa wa kufanya jambo, kama pale mtu anapoahidi kujibu *dans les meilleurs délais*, yaani mapema iwezekanavyo.

Uzito wa radhi hupimwa kwa uhusiano wenu kabla ya kupimwa kwa idadi ya siku. Rafiki unayemwita *tu* anatosheka na *Désolé de te répondre si tard*. Mwanamke huandika *désolée*, kwa *e* mbili mwishoni. Mwenzako wa kazini ambaye mmeshazoeana kwa barua anaweza kupokea *Toutes mes excuses pour cette réponse tardive*. Mteja, mwalimu wa chuo kikuu au ofisi ya serikali wapewe sentensi yetu ya kwanza. Usipokuwa na uhakika, tazama barua uliyoandikiwa. Kama alikuita *vous* na akafunga kwa *Cordialement*, nawe jibu kwa kiwango hicho hicho.

Je, sababu itajwe? Itajwe pale inapomsaidia msomaji kuelewa kitu, nayo isizidi kifungu kimoja: *en raison d'une longue absence*, au *pour raisons de santé*. *En raison de* hutaja sababu kwa utulivu, wakati *à cause de* mara nyingi huelekeza lawama mahali fulani. Msiba ukitajwa kwa kirefu, msomaji hulazimika kwanza kukupa pole ndipo arudi kwenye mzigo wake. Sababu mbaya kuliko zote ni wingi wa kazi. Mteja anayeambiwa *à cause de beaucoup de travail* anaelewa kwamba kazi za wengine zilitangulizwa na yake ikawekwa kiporo.

Tumrudie wakala wetu. Tarehe 4 Machi mteja aliuliza gharama ya kusafirisha makontena mawili kutoka bandarini hadi Lubumbashi. Leo ni tarehe 15 Aprili. Rasimu yake ya kwanza inaanza na *Je m'excuse pour répondre en retard*, inaendelea na safari, mtandao uliokatika na mfanyakazi aliyeacha kazi, kisha inamshukuru mteja kwa uvumilivu wake: *merci de votre patience*. Shukrani hiyo inafaa mtu aliyengoja siku tatu na ambaye alikwisha kuambiwa angoje. Kwa aliyeachwa wiki sita bila neno, inamsukumia uvumilivu ambao huenda ulikwisha zamani.

Tena rasimu hiyo imesahau jambo kubwa zaidi: baada ya wiki sita, swali lenyewe huenda limepitwa na wakati. Mteja anaweza kuwa ameshapata wakala mwingine. Kifaransa kina kifungu cha adabu cha kumwachia mlango wazi, *si votre demande est toujours d'actualité*, yaani kama ombi lako bado lipo. Barua iliyosafishwa inakuwa hivi:

*Madame,*

*Je vous prie de m'excuser de ne répondre qu'aujourd'hui à votre message du 4 mars. Si votre demande est toujours d'actualité, vous trouverez ci-joint notre tarif pour deux conteneurs, valable jusqu'au 31 mai. Si cela vous convient, je vous appellerai le mardi 21 avril.*

*Cordialement,*

Sentensi ya kwanza inaomba radhi na kutaja tarehe ya barua iliyongojewa, hivyo mteja anajua kwamba wakala haufichi muda uliopita. Ya pili inatoa jibu pamoja na ukomo wa bei. Ya tatu inaweka siku ya hatua inayofuata, na hiyo ndiyo inayorudisha imani kuliko maelezo ya mtandao uliokatika. Sababu haikutajwa kabisa, wala msomaji hataiulizia.

Usirudie kuomba radhi mwishoni. Barua rasmi sana huweza kufunga kwa *En vous renouvelant mes excuses, je vous prie d'agréer, Madame, mes salutations distinguées*, lakini hiyo ihifadhi kwa siku ambayo kuchelewa kwako kumemtia mtu hasara. Wala usijitetee kwa *mieux vaut tard que jamais*, ambayo ni ndugu ya “kawia ufike” yetu. Maneno hayo ni haki ya aliyengoja kuyasema, si ya aliyekawia.

Kama una barua ya Kifaransa iliyolala kwenye kisanduku chako, usingoje mpaka upate maelezo mazuri. Andika lile jibu kwanza, kisha weka juu yake sentensi moja ya radhi, uitume leo.