Jipime: Pampu ya Ampia 10 Inakula Wati Ngapi?

Chukua mota ya pampu ya kisima, ya fezi moja, inayotumia umeme wa volti 230 na hezi 50. Fundi anabana mita yake kwenye waya na kusoma ampia 10. Anazidisha kichwani, anapata wati 2300. Lakini mwenye nyumba ameiangalia LUKU kabla na baada ya kusukuma maji kwa saa nzima, vitu vingine vyote vikiwa vimezimwa, na zimeondoka uniti 1.38 tu. Fundi anaishuku LUKU, mwenye nyumba anamshuku fundi. Kumbe mita zote mbili zinasema kweli. Maswali manne yafuatayo yanahusu pampu hiyohiyo. Chagua jibu lako kwanza, kisha soma maelezo.

Swali la 1. Katika mota hii mkondo unachelewa nyuma ya volti kwa pembe ya awamu ya digrii 53. Wastani wa nguvu yake ni upi?
A. Wati 2300
B. Wati 1840
C. Wati 1380
D. Wati 690

Jibu ni C. Kanuni ni P = VI cos φ, na kosaini ya digrii 53 ni takriban 0.6. Kwa hiyo 230 × 10 × 0.6 ni wati 1380, sawa kabisa na uniti 1.38 kwa saa.

Kanuni hiyo inatoka wapi? Katika mkondo geu, volti hupanda, hushuka hadi sifuri, hugeuka upande wa pili na kurudi, na mzunguko mzima wa hezi 50 huchukua milisekunde 20. Mkondo wa mota hufuata mwendo huohuo, ila kwa kuchelewa, kwa sababu koili zake hujenga usumaku kwanza na usumaku huo hupinga mkondo usibadilike haraka. Digrii 53 kati ya 360 ni karibu milisekunde 3. Basi katika kila nusu ya mzunguko, yaani kila milisekunde 10, kuna milisekunde kama 3 ambapo volti imeshageuka upande na mkondo bado haujageuka. Katika kipande hicho cha muda nguvu haiingii kwenye mota. Inatoka, nishati iliyokuwa kwenye usumaku ikirudi kwenye laini. LUKU hujumlisha kinachoingia na kutoa kinachorudi. Wastani unaobaki ndio wati 1380.

Aliyechagua A amesahau pembe. Namba yake haina ubaya, ila haiitwi wati bali volti-ampia, na waya lazima ubebe ampia zote 10 hata kama sehemu ya mkondo huo haisukumi maji. Aliyechagua B ametumia saini badala ya kosaini. Hiyo 1840 ndiyo kipimo cha nguvu inayokwenda na kurudi bila kufanya kazi. D ni kosa la msomi: anakumbuka kwamba wastani wa wimbi hugawanywa kwa 2, anagawanya tena. Lakini ile 230 ya kwenye mita si kilele cha volti. Kilele hufika kama 325. Volti 230 ni thamani iliyokwisha kusawazishwa, ndiyo maana hupasha hita sawasawa na volti 230 za betri.

Swali la 2. Kapasita peke yake imeunganishwa kwenye volti 230 na inavuta ampia 2. Wastani wa nguvu yake ni upi?
A. Wati 460
B. Wati 230
C. Karibu sifuri

Ni C. Kwenye kapasita mkondo hutangulia volti kwa digrii 90, na kosaini ya 90 ni sifuri. Robo ya mzunguko inajaa, robo inayofuata inarudisha chote. (Ukiichomoa wakati imejaa hubaki na chaji inayoweza kukutupa chini. Wastani wa sifuri usikudanganye.)

Swali la 3. Fundi anafunga kapasita ya maikrofaradi 83 sambamba na mota. Mkondo kwenye waya mkuu unashuka kutoka ampia 10 hadi 6.3. LUKU itafanyaje?
A. Matumizi yatapungua kwa zaidi ya theluthi
B. Matumizi yatabaki karibu palepale
C. Matumizi yataongezeka

Wengi huchagua A, na kuna wafanyabiashara wanaoishi kwa jibu hilo: wanauza visanduku vya kuchomeka ukutani, wanaonyesha ampia zikishuka, wanaahidi bili kupungua. Jibu sahihi ni B. Mota bado inahitaji wati 1380 zilezile. Kilichobadilika ni pembe. Mkondo unaotangulia wa kapasita unafuta sehemu ya mkondo unaochelewa wa mota, hivyo nishati ya usumaku inakwenda na kurudi kati ya hivyo viwili bila kusafiri kwenye waya mrefu. Kosaini imepanda hadi 0.95. Piga hesabu: 230 × 6.3 × 0.95 ni karibu wati 1380.

Nimesema karibu, kwa sababu waya nao hupoteza joto. Tuseme waya wa kutoka LUKU hadi kisimani, kwenda na kurudi, una ukinzani wa omu 0.5. Kwa ampia 10 ulipoteza wati 50. Kwa ampia 6.3 unapoteza kama 20. Umeokoa wati 30, lakini kwa sharti kwamba kapasita imefungwa kisimani, kwenye mota. Ukiifunga ukutani pembeni mwa LUKU, waya wa kisimani bado unabeba ampia 10 na hujaokoa chochote cha maana. Wanaofaidika kweli ni wenye viwanda, ambao Tanzania na Kenya hulipia pia kilele cha mahitaji yao kwa kilovolti-ampia. Kwao kushusha ampia ni kushusha bili.

Wala kapasita haitibu kila kitu. Taa za LED na chaja huvuta mkondo kwa vishindo vifupi badala ya wimbi laini. Hapo tatizo si kuchelewa, na kapasita haina cha kurekebisha.

Swali la 4. Fundi anaona 83 imefanya vizuri, anaweka maikrofaradi 200. Mkondo utakuwa kiasi gani?
A. Sifuri
B. Ampia 6.0
C. Ampia 8.8

Ni C. Ampia 6 ndiyo chini kabisa, pale pembe inapokuwa sifuri, na kwa mota hii inafikiwa kwa maikrofaradi kama 111. Ukipita hapo kapasita inazidi nguvu koili, mkondo sasa unatangulia volti, na ampia zinaanza kupanda tena. Mita ya kubana haionyeshi uko upande gani, 8.8 ya kuchelewa na 8.8 ya kutangulia zinasomeka sawa. Namna ya kujua ni kupunguza kapasita kidogo na kupima upya: mkondo ukishuka, ulikuwa umezidisha, ukipanda, ilikuwa bado haijatosha. Ndiyo maana fundi mzoefu hulenga 0.95 na kuishia hapo, kwani mota ya pampu haibebi mzigo uleule siku zote, na pembe yake hubadilika kadiri maji ya kisimani yanavyopanda na kushuka.