Damu Iliyohifadhiwa (3): Kupima Wachache Ndani ya Kundi Kubwa

Katika sehemu mbili zilizopita tulieleza jinsi watafiti wanavyoandikisha maelfu ya watu wenye afya, kuchukua damu yao, kuihifadhi kwenye friza na kisha kuwafuatilia kwa miaka kuona nani ataugua. Kundi kama hilo huitwa kohoti. Leo tunaingia kwenye swali la gharama: wagonjwa wakishapatikana, je, ni lazima kupima kila chupa iliyomo frizani?

Mfano mzuri tunao hapa Afrika Mashariki. Mwaka 1958 daktari wa upasuaji Denis Burkitt, aliyekuwa Mulago, Kampala, alieleza saratani inayovimbisha taya za watoto. Mwaka 1964 kirusi kipya, Epstein-Barr, kilionekana katika seli zilizotoka kwenye uvimbe wa aina hiyo. Wagonjwa walipopimwa walionekana kuwa na kingamwili nyingi dhidi ya kirusi hicho. Ila hapo palikuwa na utata: je, kirusi ndicho kilicholeta saratani, au saratani ndiyo iliyokipa kirusi nafasi ya kustawi? Damu ya mtu aliyekwisha kuugua haiwezi kujibu swali hilo. Ilihitajika damu ya kabla ya ugonjwa.

Basi kati ya 1972 na 1974, watafiti wa Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, wakishirikiana na wenzao wa Uganda, walichukua damu ya watoto wapatao 42,000 katika wilaya ya West Nile. Kufikia taarifa yao ya 1978, watoto 14 kati ya hao walikuwa wameugua.

Kipimo chenyewe kilikuwa cha darubini. Seramu huzimuliwa nusu kwa nusu, 1:80, 1:160, 1:320 na kuendelea, na msomaji hutazama ni hatua gani ya mwisho ambapo mng'ao wa kingamwili bado unaonekana. Kumfanyia hivyo kila mtoto kati ya 42,000 ni kazi ya miaka. Isitoshe, karibu habari yote inayotafutwa imo kwa wale 14. Wazima tunawahitaji kwa jambo moja tu: kutuonyesha kiwango cha kawaida cha kingamwili katika kundi lililowatoa wagonjwa hao. Kwa kazi hiyo wachache wanatosha, mradi wachaguliwe kwa haki.

Njia ya kwanza ni kumtafutia kila mgonjwa wenzake ndani ya kohoti ileile. Tuseme mtoto wa kiume wa miaka saba amegundulika Machi 1975. Unafungua daftari la kohoti na kuuliza: siku hiyo, ni wavulana gani wa umri huo, wa eneo lilelile, waliokuwa hai, bado wanafuatiliwa, na hawajaugua? Kati yao unapiga kura na kuchukua, tuseme, watano. Aliyehama wilaya mwaka 1974 hayumo, kwa sababu hata angeugua usingejua. Ukifanya hivyo kwa wagonjwa wote 14, unapima sampuli 84 badala ya 42,000.

Kwa nini watano na si hamsini? Kanuni ya kukadiria ni rahisi. Ukiwa na wenzake *m* kwa kila mgonjwa, usahihi unaopata ukilinganisha na kupima kohoti nzima ni takriban m/(m+1). Mmoja anakupa nusu, wanne asilimia 80, watano asilimia 83. Hata ukifika kumi unapata asilimia 91 tu. Baada ya wanne au watano, kila sampuli ya ziada inaleta faida ndogo mno.

Hapa ndipo wengi hukosea. Tuseme mmoja wa wale wavulana watano naye anaugua mwaka 1977. Mtafiti mgeni humwondoa haraka katika orodha ya 1975, akidhani aliyekuja kuugua hafai kuhesabiwa mzima. Lakini Machi 1975 alikuwa mzima, na alistahili kuchaguliwa kama wenzake. Anabaki pale alipo, kisha mwaka 1977 anaingia tena kama mgonjwa. Ukiwaondoa watu wa namna hiyo, unabaki na wazima waliochujwa kwa kuangalia yajayo, na tofauti kati yao na wagonjwa inakuzwa isivyo halali. Njia ya kuligundua kosa hili ni kusoma maelezo ya uchaguzi: ukiona wenzake wa wagonjwa walichukuliwa tu kati ya waliobaki wazima hadi mwisho wa utafiti, tia shaka.

Kosa jingine hutokea maabara. Sampuli za wagonjwa zikipimwa wiki hii na za wenzao wiki ijayo, msomaji akipotoka hatua moja tu ya uzimuaji atakuwa amezua tofauti maradufu isiyokuwepo. Kwa hiyo mgonjwa na wenzake hupimwa siku moja, katika bechi moja, kwa mpangilio wa kubahatisha, na msomaji asijue nani ni nani. Katika kila bechi huchanganywa pia chupa za seramu moja ileile kwa siri. Majibu yake yakipishana sana, bechi ina kasoro.

Matokeo ya West Nile yalikuwa haya: watoto ambao kingamwili zao zilizidi kiwango cha kawaida kwa hatua mbili au zaidi, yaani mara nne na kuendelea, walikuwa na hatari ya saratani hiyo takriban mara 30. Na damu hiyo ilichukuliwa kabla uvimbe haujatokea.

Lakini njia hii ina bei yake. Ukishachagua wenzake wa mgonjwa kutoka eneo lilelile, huwezi tena kutumia ulinganisho huo kuuliza kama eneo lenyewe, pamoja na malaria yake, linachangia. Umewafanya wafanane kwa makusudi. Tena wale watano wamechaguliwa kwa ajili ya mgonjwa mmoja wa ugonjwa mmoja. Kesho ukitaka kuchunguza ugonjwa mwingine, kwa kawaida unaanza kuchagua upya, na kufungua chupa nyingine.

Njia ya pili, iliyoelezwa na Ross Prentice mwaka 1986, inageuza utaratibu. Hapa unapiga kura mara moja katika kohoti nzima bila kujali nani ataugua, unapata kikundi-wakilishi, kisha unaongeza wagonjwa wote popote walipo. Mradi wa InterAct wa kisukari barani Ulaya ulifanya hivyo. Katika kohoti ya watu 340,234 wenye damu iliyohifadhiwa, walichaguliwa wawakilishi 16,154 na kuongezwa wagonjwa wapya 12,403. Watu 778 walikuwa pande zote mbili, kwa hiyo jumla ni 27,779, kama asilimia 8 ya kohoti. Wawakilishi haohao wanaweza kutumika tena kwa ugonjwa wa moyo au saratani, kwani hawakuchaguliwa kwa ajili ya kisukari.

Hesabu yake sharti iwe na mizani. Ukichukua mtu mmoja kati ya 20, kila mzima katika kikundi-wakilishi anasimama kwa niaba ya watu 20, ilhali mgonjwa anasimama peke yake, kwa kuwa wagonjwa wote wamechukuliwa. Ukisahau mizani hiyo, kohoti yako itaonekana imejaa wagonjwa. Tatizo jingine ni kwamba wawakilishi hawakuoanishwa na wagonjwa kwa tarehe ya kuchukuliwa damu. Ikiwa unachopima huharibika frizani, muda wa kuhifadhi lazima uingizwe katika uchambuzi.

Tuijaribu njia hii West Nile. Mtoto mmoja kati ya 40 angetoa wawakilishi 1,050, kwa ajili ya wagonjwa 14. Kwa ugonjwa mmoja adimu hiyo ni hasara. Sampuli 84 zingetosha. Kwa magonjwa matano ya kawaida, mambo yangegeuka.

Njia zote mbili hupunguza idadi ya wazima wanaopimwa. Wagonjwa haziwaongezi. Hata kama watoto wote 42,000 wangepimwa, waliougua wangebaki 14, na kila jibu kuhusu saratani hiyo lingebeba mashaka ya idadi hiyo ndogo. Anayeambiwa kwamba hatari ni mara 30 aulize kwanza: imehesabiwa kwa wagonjwa wangapi?

Sehemu ijayo: ridhaa ya wenye damu, pale sampuli inapotumiwa kwa swali ambalo hawakuulizwa.