Mstari wa mwisho wa wasifu

Mpiga picha za harusi wa Tanga anamaliza wasifu wake hivi: “Karibuni tushirikiane.” Tushirikiane nini? Msomaji anapita. Afadhali aandike: “Una harusi Tanga au Pangani? Nitumie tarehe na ukumbi kwa WhatsApp, najibu jioni.” Mteja anajua la kufanya, na ujumbe wa kwanza unakuja na habari zinazohitajika.

Namba ipi sasa? Si ile yenye pesa zako. Anayeanza kukutumia pesa kwa simu huoneshwa jina ulilosajiliwa, na tapeli akikuita kwa jina hilo utamwamini upesi. Tenga laini ya kazi. Iandike kwa +255, bila sifuri ya mwanzo, ili wa ng'ambo nao wakupate. Mtaa unatosha, namba ya nyumba iache.